Pepesa macho mara mbili: kisa cha Mwalimu na apu iliyotaka kumwona

Mwalimu alinipigia saa tatu usiku. "Kaka, nimefungiwa," akasema. Nikadhani ni nyumba, kwamba mpwa wake katoka na ufunguo. Kumbe ni simu. Apu ya taasisi moja ya fedha ilikuwa imemwambia ajaribu tena baada ya saa 24, na haikumweleza amekosea wapi.

Huyu Mwalimu anafundisha historia sekondari hapa Tanga. Jina lake nitalihifadhi, na la taasisi vilevile. Haoni kabisa. Jicho la kushoto ni la bandia. La kulia lipo, lakini kope zake hazifunguki sawasawa na mboni inachezacheza muda wote. Simu anaitumia kwa TalkBack, kompyuta kwa NVDA, programu zinazosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, na kwa kuchapa ananishinda. Mimi nami sioni, na kazi yangu ni kuwafundisha wenzangu vifaa hivi. Nayaeleza haya mapema kwa sababu wa kwanza kuisikia habari hii, mhasibu wa shuleni kwao, aliuliza kama Mwalimu anajua kweli kutumia simu. Anajua.

Alichotaka ni akaunti ya akiba. Ili aipate ilimbidi apite milango mitatu: fomu ya maombi kwenye tovuti, ambayo mwishoni ina kapcha, yaani jaribio la kuhakikisha kwamba anayejaza ni mtu na si roboti, kisha picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, kwa simu, kisha video fupi ya uso. Usiku ule alikuwa amekwama mlango wa tatu, lakini nilipomtaka anisimulie tangu mwanzo nikagundua mlango wa kwanza ulikuwa umemla siku mbili na hakumwambia mtu. Aliona aibu, maana neno lililoandikwa pale, "I'm not a robot", ni kama kuulizwa wewe ni mtu au si mtu, na yeye jibu lake likawa linakataliwa.

Tuanze hapo basi. Kesho yake nilikwenda shuleni, tukaketi kwenye kompyuta mpakato ya ofisi ya walimu, nikamwomba arudie mbele yangu kila alichokifanya, nami nikisikiliza kwa sikio moja la earphone zake.

Kapcha yenyewe ilikuwa reCAPTCHA, ile ya kisanduku cha kuweka tiki. Mwenye bahati akibonyeza kisanduku, tiki inakaa na mambo yamekwisha. Asiye na bahati anafunguliwa dirisha la picha, achague zenye basi au taa za barabarani. Chini ya picha hizo kuna kitufe kinachosomeka "Get an audio challenge". Ukikibonyeza, picha zinaondoka, unapata kitufe cha PLAY, sehemu ya kuandika ulichosikia, na kitufe cha VERIFY. Mwalimu alikijua kitufe hicho. Hakuwa amekwama kwa kutojua.

Kosa la kwanza lilikuwa mpangilio. Kwa kuwa kapcha ndiyo iliyokuwa ikimtisha, alianza nayo: akaruka fomu nzima, akashuka chini, akapambana na sauti mpaka tiki ikakaa, kisha akapanda juu kujaza jina, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, anwani, mwajiri na mengineyo. Tiki ya reCAPTCHA ina uhai wa dakika mbili tu. Anayeona na ana haraka anaweza kumaliza fomu fupi ndani ya muda huo. Anayesomewa kila kisanduku na kurudia namba ndefu kwa masikio hawezi. Alipofika kitufe cha kutuma, tiki ilishaondoka zamani, na maandishi mekundu "Verification expired. Check the checkbox again." yalijitokeza pale juu ya kisanduku, mahali ambapo NVDA haikuwa na sababu ya kupita. Yeye alichosikia ni kwamba kitufe cha kutuma hakifanyi kitu. Akakibonyeza mara nane.

Dawa yake ni nyepesi: jaza kila kitu, kapcha iwe ya mwisho kabisa, na baada ya tiki nenda moja kwa moja kwenye kutuma.

La pili lilikuwa sauti mbili kupandana. Sauti ya kapcha ni maneno machache ya Kiingereza, yametumbukizwa kwenye kelele kama ya redio isiyoshika masafa. Papo hapo NVDA nayo inazungumza: inataja kitufe ulichobonyeza, inataja sehemu ya kuandika, inataja kila herufi unayochapa. Mwalimu alikuwa akiandika huku akisikiliza, kama wafanyavyo wanaoona, na maneno mawili ya katikati yakawa yanamezwa kila mara. Nilimwonyesha namna ninayotumia mwenyewe. Simama kwenye PLAY. Bonyeza Insert+S mpaka NVDA inyamaze. Bonyeza upau wa nafasi, sikiliza mpaka mwisho, usiandike. Kisha Insert+S tena mpaka irudi kuzungumza, ndipo uende kuandika kutoka kichwani. Maneno ni machache, yanakaa kichwani.

Tulifanya hivyo, na ukatokea ujumbe: "Multiple correct solutions required - please solve more." Mwalimu akapiga meza. Nikamwambia hapana, huu si wa kukataliwa. Maana yake umepatia lakini wanataka jingine. Ukiusikia endelea. Wa kukataliwa kweli ni ule wa "Try again later", unaofuatiwa na maelezo kwamba kompyuta au mtandao wako huenda unatuma maombi ya kujiendesha. Ukiusikia huo, acha. Hata ungekuwa na masikio ya popo, sauti hutapewa.

Na jana yake ndio aliokuwa ameupata mara nne mfululizo. Sababu yake haikuwa yeye. Shule nzima inatoka kwenye intaneti kwa anwani moja, walimu, wanafunzi wa maabara na simu zao, na mfumo ukiona maombi mengi yanatoka mahali pamoja unapunguza imani. Anayeona hapo anaendelea kuletewa picha, ngumu zaidi na nyingi zaidi, lakini picha. Anayetaka sauti anafungiwa. Tulihama Wi-Fi ya shule, tukawasha hotspoti ya simu yangu, tukahakikisha Mwalimu ameingia kwenye akaunti yake ya Google na hatumii dirisha la faragha, na sauti ikapatikana kwenye jaribio la kwanza.

Kwa nini sauti ndiyo inayofungwa na si picha? Hapa kuna historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walitoa programu waliyoiita unCaptcha. Ilikuwa haigusi picha kabisa. Ilibonyeza kitufe cha sauti, ikapeleka sauti ile kwenye huduma za bure za kugeuza usemi kuwa maandishi, na ikafaulu takribani mara 85 katika kila 100. Wakati huo sauti ilikuwa ya tarakimu. Google wakabadilisha, wakaweka maneno badala ya tarakimu. Watafiti wakarudi na toleo la pili, wakaeleza kwamba sasa imekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa huduma hizo za usemi zimefundishwa maneno ya watu na si tarakimu zilizotawanyika, na kufaulu kukapanda hadi karibu 90. Kwa maneno mengine, mlango uliowekwa kwa ajili yetu ndio ambao roboti linaupita vizuri kuliko sisi, na walinzi wakaanza kumtilia shaka kila anayeutumia. Mwenzetu asiyeona na asiyesikia, yeye mlango huo hata haukuwahi kuwa wake.

Nisiseme mengi kuhusu kapcha. Zipo njia za kuiondoa kabisa, mfano Turnstile ya Cloudflare iliyotoka 2022, ambayo kwa kawaida hukagua mwenendo wa kivinjari kimyakimya bila kumpa mtu fumbo la kutatua, au tu kumtumia mwombaji kiungo kwenye barua pepe. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotolewa Oktoba 2023, unasema kuingia kwenye akaunti kusitegemee mtihani wa akili, ila kwenye kiwango cha AA, ambacho wengi ndicho wanachokilenga, ukaacha upenyo: kutambua vitu kwenye picha kunaruhusiwa. Yaani "chagua mabasi" bado ni halali, mradi kuna njia nyingine isiyo ya kuona. Na njia hiyo nyingine ni ile sauti niliyoieleza.

Tuingie mlango wa pili, ambao Mwalimu aliupita peke yake, na mimi ndiye niliyejifunza kwake.

Kukipiga picha kitambulisho bila kukiona, watu wengi hushika kadi mkono mmoja na simu mkono mwingine, vyote vinaelea. Hapo hata anayeona anatetemeka. Mwalimu hutandika kitambaa cheusi mezani karibu na dirisha, mchana, flashi imezimwa kwa sababu mwanga wake unarudi kwenye plastiki na kufuta namba. Anaweka kadi katikati ya kitambaa. Analaza simu juu ya kadi kabisa, kamera ikiwa katikati yake, kisha anainyanyua wima, viwiko vikiwa mezani, kiasi cha shibiri moja. Wima, asiipinde. Apu ile ilikuwa inapiga yenyewe pembe nne zikiingia kwenye fremu, na dalili pekee kwamba imepiga ni kwamba TalkBack inataja kitufe kipya.

Mbele na nyuma anavitofautisha kwa bahasha ndogo ya plastiki ambayo kona yake moja ameikata. Kadi huingia humo siku zote picha ikitazama upande wa kona iliyokatwa. Akitaka kupiga anaitoa bila kuigeuza. Kabla ya kwenda kwenye apu alijaribu kwanza kwa Seeing AI, apu ya kuwasomea wasioona, ambayo kwenye sehemu yake ya kusoma nyaraka inakutajia ukingo gani haujaonekana. Ikisoma jina na namba bila kuruka, umbali na mwanga viko sawa. Kuna walio na wasiwasi kupitisha kitambulisho kwenye apu ya watu wengine, na wasiwasi huo una msingi. Wanaweza kufanyia mazoezi kwa kadi ya maktaba au ya kliniki yenye ukubwa uleule, mkono ukazoea.

Sasa uso.

Nilimwomba afungue tena zile saa 24 zilipopita, safari hii nyumbani kwake, jioni, kama alivyofanya siku ya kwanza. Mpwa wake wa kidato cha tatu alikuwepo. Nikamwambia binti asimsaidie Mjomba wake, aketi pembeni atusomee tu kinachoandikwa kwenye kioo.

Jambo la kwanza binti alilosema halikuhusu apu. "Mjomba, mbona giza?" Taa zilikuwa zimezimwa. Wawili wasioona tumekaa sebuleni saa moja kasoro usiku, nani awashe taa? Mwalimu alifanya majaribio yake yote matatu ya mwanzo gizani. Apu iliandika kwamba mwanga hautoshi, kwa maandishi, kwenye kioo cha mtu aliyeomba huduma ya kusomewa.

Tukawasha. Binti akaanza kusoma: "Weka uso ndani ya duara. Sogea karibu. Inua simu. Inua simu. Inua simu." Mwalimu alikuwa ameishika simu chini ya kidevu, imelala kidogo kuelekea sikioni, kwa sababu spika iko upande wa chini na ndivyo anavyoishika kutwa. Kamera ilikuwa inaona dari na ncha ya pua. Wakati binti anasoma hayo, TalkBack ilikuwa kimya kama maji mtungini. Nilitelezesha kidole kioo kizima kutafuta maelekezo, nikapata kitu kimoja tu: "Funga, kitufe." Maandishi yote yaliyokuwa yanabadilika yalichorwa juu ya picha ya kamera kama mapambo, hayakuwa na jina wala tangazo.

Jaribio likafa kwa muda kwisha. Tulihesabu, lilichukua sekunde 20.

La pili tulibadilisha. Miwani myeusi aliivua, kwa sababu picha ya NIDA alipigwa bila miwani na ndiyo inayolinganishwa. Aliegemeza kichwa ukutani kisitangetange, akanyoosha mkono wote mbele usawa wa pua, kisha akaukunja kiwiko kidogo tu. Earphone sikioni ili asihitaji kuileta spika karibu. Binti akasoma: "Vizuri. Geuza kichwa kushoto. Vizuri. Pepesa macho mara mbili."

Mwalimu akapepesa. Yaani alifanya kile anachokijua kuwa ni kupepesa. "Pepesa macho mara mbili," binti akarudia. Akapepesa tena, kwa nguvu, uso mzima ukikunjamana. "Pepesa macho mara mbili. Muda umekwisha."

Hapa ndipo palipokuwa na kiini cha kesi nzima, na hakuna mazoezi yanayoweza kukiondoa. Mifumo ya namna hii hupima uwazi wa jicho: inatafuta kope za juu na za chini, inapima nafasi kati yake, inangoja nafasi ile iwe kubwa, kisha ndogo, kisha kubwa tena. Jicho la Mwalimu la kulia limefunguka kwa unene wa ukucha tu. Likifungwa, tofauti ni ndogo mno kuhesabika. La kushoto kope yake inashuka nusu, na bandia haiendi popote. Kwa mashine, mtu huyu hajafungua macho kabisa, na asiyefungua macho ndiye hasa inayemwogopa: picha iliyochapwa, au mtu aliyelala anayeshikiwa simu na mwingine. Mantiki yao naielewa. Lakini binti alithibitisha kwamba kugeuza kichwa kulikubaliwa mara moja, na hilo nalo ni jaribio la kuonyesha uhai. Wangeweza kutoa la pili la kichwa mahali pa kope.

Jaribio la tatu, binti akasema amshikie simu Mjomba wake ili mikono ipumzike. Akasimama nyuma ya bega lake. "Nyuso zaidi ya moja zimeonekana." Imefungwa, saa 24.

Kwamba uso unaweza kuelekezwa kwa sauti si ndoto. Simu za Pixel 7, za 2022, zilikuja na Guided Frame, ambayo TalkBack ikiwashwa humwambia mtu asogeze simu upande gani mpaka uso wake uingie kwenye selfi. Na Apple kwenye Face ID, yaani kufungua simu kwa uso, wana sharti kwamba macho yaitazame simu, lakini mtu akiwasha VoiceOver, ambayo ndiyo TalkBack yao, tangu anapoianzisha simu, sharti hilo huzimwa lenyewe. Wamekubali kupunguza ulinzi kidogo kwa mtu huyo badala ya kumwacha nje, na uamuzi unabaki mikononi mwake, anaweza kuliwasha tena.

Nilimwandikia mwenye apu kupitia barua pepe ya huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku mbili: mteja atafute mtu wa kumsaidia. Tulikuwa tumeshafanya hivyo na kope hazikujali. Lakini hata kama ingewezekana, tazama kinachoombwa. Anayekushikia simu wakati huo ana kitambulisho chako mkononi, anaona ujumbe wa namba ya uthibitisho ukiingia, na hatua inayofuata baada ya uso ni kuchagua namba ya siri. Mwalimu ana kanuni yake kwa mpwa wake na kwa mtu mwingine yeyote: macho yako, vidole vyangu. Msaidizi anasoma kilichoandikwa, hagusi. Ikifika namba ya siri anageuka, na earphone inabaki sikioni ili TalkBack isitangaze tarakimu sebuleni. Kwa Be My Eyes, ambako mtu wa kujitolea usiyemjua anaona kupitia kamera yako, yeye hukubali kuulizia taa kama imewaka au uso kama uko katikati. Kitambulisho hakionyeshi kamwe.

Barua ya pili tuliiandika pamoja na tukaipa uzito. Hatukusema "mfumo wenu hautufai". Tulitaja toleo la apu, aina ya simu, saa na dakika ya kila jaribio, na maneno kamili ambayo binti aliyasoma. Tukaomba mambo matatu: Mwalimu athibitishwe kwa njia isiyo ya macho, sababu hiyo iandikwe kwenye faili lake, na maelekezo ya kamera yasomwe na TalkBack. Tukakumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki pale uamuzi unaomhusu unapofanywa na mashine peke yake, na kwamba tunaomba binadamu autazame huu.

Kwa fundi wao nikaongeza mistari hii, kwa kuwa mara nyingi barua za malalamiko humfikia mtu asiyeweza kuzifanyia kazi:

```xml
<TextView
    android:id="@+id/maelekezo"
    android:layout_width="match_parent"
    android:layout_height="wrap_content"
    android:accessibilityLiveRegion="assertive" />
```

Maandishi yakibadilika hapo, TalkBack itayasoma yenyewe. Nilipendekeza "assertive" badala ya "polite" kwa sababu moja: "polite" hungoja neno lililotangulia liishe, na kwenye kamera maelekezo hubadilika haraka. Ukisikia "inua simu" wakati tayari umeinua, utainua tena na kupitiliza. Ila "assertive" nayo ina ubaya wake. Maelekezo yakibadilika kila nusu sekunde, kila moja linamkata mwenzake na husikii hata moja. Kwa hiyo apu ingoje hali idumu kama sekunde moja na nusu ndipo iseme. Na sekunde 20 hazitoshi kwa mtu anayesikiliza kwanza ndipo asogee. Hata 60 si nyingi.

Aliyejibu safari hii alikuwa mtu mwenye cheo na namba ya simu. Alimpigia Mwalimu, akamwamkia, akamwomba afike tawini na kitambulisho. Kumbe njia ilikuwepo siku zote: kifaa cha kusoma alama za vidole kinacholinganisha na kumbukumbu za NIDA, kama kile kilichotumika nchi nzima kusajili laini za simu. Dole gumba la kulia lilikataa mara ya kwanza, wakalifuta kwa kitambaa, likakubali. Karani alitaka kumwekea saini pale pale. Mwalimu akamwambia, "Nisomee kwanza, mwanangu," na masharti yakasomwa kwa sauti kurasa zote nne huku foleni ikikohoa. Namba ya siri akaiweka mwenyewe. Tangu alipoanza fomu mpaka akaunti kufunguka zilipita siku 11.

Njia ile ya vidole haikutajwa popote kwenye apu. Niliipitia kurasa kwa kurasa. Baada ya kushindwa mara tatu unachopewa ni saa ya kungojea, na baada ya kungojea unapewa kope zilezile. Mstari mmoja tu wa "fika tawini na kitambulisho chako" ungemwokoa siku tisa.

Miezi minne baadaye simu ya Mwalimu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Akanunua nyingine, akaweka apu, akaingiza namba yake, na apu, kwa kuwa haikuitambua simu mpya, ikamtaka auhakikishe uso. Pepesa macho mara mbili. Hakujaribu hata mara moja, maana majaribio ni matatu. Alipiga simu moja kwa moja tawini. Karani mpya akamwambia jambo hilo hufanyika kwenye apu tu. Mwalimu akamwomba afungue faili lake asome maelezo yaliyoandikwa. Kukawa kimya kidogo, vitufe vikasikika. "Ahaa," karani akasema, "hapa pameandikwa mteja athibitishwe kwa vidole. Karibu kesho saa tatu, Mwalimu."

Toleo jipya la apu limeshatoka mara mbili tangu hapo. Nimelijaribu kwenye simu yangu wiki iliyopita: sasa TalkBack inasema "Sogea karibu" na "Inua simu". Muda ni uleule wa sekunde 20, na kupepesa bado kupo.